M-Pesa Ilivyomchagua Mteja Wake wa Kwanza

Tarehe 6 Machi 2007, kampuni ya Safaricom ya Kenya ilizindua huduma ya kutuma fedha kwa simu na kuipa jina M-Pesa. Mfumo wenyewe ulikuwa na uwezo wa kufanya mambo kadhaa. Ungeweza kumlipia mtu mkopo, kumnunulia muda wa maongezi, kumhifadhia mfanyabiashara mauzo ya siku, au kumwezesha msafiri kwenda safari bila noti mfukoni. Lakini matangazo ya mwanzo hayakuorodhesha mambo hayo. Yalibeba ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani.

Mtu wa mjini aliyeajiriwa, mwenye wazazi au mke na watoto kijijini, aliposoma ujumbe huo alijua anaambiwa yeye. Mwenye akaunti tatu za benki hakuambiwa kitu. Mkulima aliyekuwa akipokea fedha hizo hakuambiwa moja kwa moja, ingawa yeye ndiye angefaidika. Safaricom ilikuwa na mamilioni ya wateja wa simu, ikachagua kuzungumza kwanza na kundi moja kati yao.

Wataalamu wa masoko huiita kazi hiyo kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kugawanya soko, yaani kuwapanga wanunuzi katika makundi ambayo watu wake wana shida inayofanana na hununua kwa namna inayofanana. Ya pili ni kuchagua soko lengwa, yaani kuamua ni kundi lipi litakalotengenezewa bidhaa, bei, matangazo na mahali pa kuuzia. Mmarekani Wendell Smith aliieleza mbinu hii kitaalamu katika makala ya mwaka 1956, ingawa wachuuzi wa sokoni walikuwa wakiitumia tangu zamani bila kuipa jina. Kisa cha M-Pesa kinafaa kuitazamia kwa karibu, kwa sababu huduma hiyo hiyo, yenye jina hilo hilo, ilipelekwa katika nchi tatu na kupata matokeo matatu tofauti.

Mlengwa wa kwanza hakuwa yule anayetuma pesa nyumbani. Wazo lilitoka Vodafone ya Uingereza, mwanahisa mkubwa wa Safaricom, ambako Nick Hughes aliomba fedha kutoka mfuko wa shirika la misaada la serikali ya Uingereza. Vodafone nayo ikachangia, na kazi ya kuijenga huduma akapewa Susie Lonie, aliyehamia Nairobi. Mpango wa awali ulihusu mikopo midogo. Taasisi ya Faulu Kenya ilikuwa ikikopesha watu waliojiunga katika vikundi, na wanakikundi walikutana mara kwa mara kurejesha fedha kwa noti na sarafu. Ilidhaniwa kwamba wakilipa kwa simu, muda utaokolewa na hatari ya kutembea na fedha itapungua.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 katikati ya jiji la Nairobi, mtaa wa Mathare na mji wa Thika. Yalikuwa madogo: mawakala wanane na wateja wasiofika mia tano. Udogo huo ulisaidia, kwa kuwa waendeshaji waliweza kufuatilia kila mteja anafanya nini na kumuuliza kwa nini.

Walichokiona hakikuwa kwenye mpango. Wapo waliolipiana mikopo, mmoja akimlipia mwenzake naye akirudishiwa kwa huduma fulani. Wafanyabiashara walitumia simu kulipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliweka mauzo ya jioni kwa wakala, kwa sababu benki zilikuwa zimeshafungwa lakini duka la wakala lilikuwa bado wazi. Wasafiri kati ya Nairobi na Thika waliweka fedha upande mmoja, wakapanda gari mikono mitupu na kuzitoa walikofika. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwarushia ndugu zao walio mbali. Kwa upande wa Faulu mambo yalikuwa magumu. Hesabu za malipo ya simu hazikuingia vizuri katika mfumo wao, na wanakikundi walioweza kulipa wakiwa mbali walianza kukosa mikutano. Mikutano hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana ya mkopo, maana mtu huona haya kushindwa kulipa mbele ya wenzake.

Hapo kampuni ilikuwa na makundi matano au sita mkononi, kila moja likiwa na watu halisi waliokuwa tayari wakitumia huduma. Njia rahisi ingekuwa kuyataja yote kwenye bango moja: lipa mkopo, hifadhi mauzo, safiri salama, mlipe mwenzako, rusha salio. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingekuwa uongo. Shida ni kwamba tangazo la namna hiyo linamwachia msomaji kazi ya kutafuta lipi kati ya hayo linamhusu, na msomaji wa bango la barabarani hana muda huo. Wakala naye angelazimika kufundishwa kueleza huduma tano kwa mtu ambaye hajawahi kutuma hata shilingi moja kwa simu.

Kwa hiyo swali lilikuwa ni kundi lipi lianze. Kuna vipimo vinne ambavyo mtu wa masoko huvitumia hapa, na kundi la watuma pesa nyumbani lilivipita vyote.

Kipimo cha kwanza ni uzito wa shida. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 kuhusu huduma za fedha Kenya ulionyesha kwamba chini ya mtu mzima mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa na akaunti ya benki. Walio wengi waliotaka kutuma fedha walimpa ndugu au rafiki anayesafiri, au waliziweka kwenye bahasha na kumkabidhi dereva wa basi, au walikwenda posta. Bahasha ilichelewa, wakati mwingine ikapungua njiani, na wakati mwingine haikufika kabisa. Mtu wa namna hii hakuhitaji kushawishiwa kwamba ana shida.

Cha pili ni ukubwa. Wakenya wengi walihamia Nairobi, Mombasa na miji mingine kutafuta kazi huku familia zikibaki mashambani. Kundi lilikuwa kubwa vya kutosha kuubeba mtandao mzima wa mawakala.

Cha tatu ni kama kundi linafikika. Mtuma pesa alikuwa mjini, ana simu, na kwa uwezekano mkubwa laini yake ilikuwa ya Safaricom. Alikuwa akienda dukani kila mara kununua vocha, na duka hilo hilo ndilo lililoweza kufanywa wakala.

Cha nne ndicho kilichoamua mambo: mteja mmoja alileta wa pili. Kila aliyetuma alikuwa na mtu wa upande wa pili aliyelazimika kwenda kwa wakala kuchukua fedha. Mama wa kijijini hakuona tangazo, lakini alipigiwa simu na mwanawe akaelekezwa hatua kwa hatua. Kampuni ilimlipia mteja mmoja gharama ya matangazo ikapata wawili. Aliyeweka mauzo ya jioni kwa wakala hakuleta mtu mwingine yeyote.

Kumchagua mlengwa hakuishii kwenye bango. Alama yake iko kwenye bei, na bei za mwanzo za M-Pesa zinaonyesha vizuri jinsi hesabu ilivyofanywa kwa ajili ya mtu mmoja. Kuweka fedha kulikuwa bure. Kutuma kwa aliyejisajili kuligharimu shilingi 30 za Kenya, kiasi chochote kile. Kutoa kiasi cha kuanzia shilingi 100 hadi 2,500 kuligharimu shilingi 25. Kima cha chini cha kutuma kilikuwa 100 na cha juu 35,000.

Tuchukue kijana wa Nairobi anayemtumia mama yake shilingi 2,000. Yeye analipa 30, mama analipa 25 akizitoa, jumla 55. Hiyo ni chini ya shilingi tatu kwa kila mia, bei ambayo aliyezoea bahasha ya basi anaikubali mara moja. Sasa tumchukue mteja anayetaka kumlipa muuza nyanya shilingi 100. Ada ni zile zile 30 na 25, jumla 55, zaidi ya nusu ya bei ya nyanya zenyewe. Hakuna mtu aliyeandika popote kwamba ununuzi wa sokoni haukaribishwi. Jedwali la bei lilisema hivyo lenyewe.

Jedwali hilo lilikuwa na jambo jingine la werevu. Mtu aliweza kumtumia fedha asiyejisajili, hata mwenye laini ya kampuni pinzani, lakini mtumaji alilipa shilingi 75 kwa kiasi kisichozidi 2,500, naye mpokeaji akatoa bure. Ukilinganisha na ile 55, tofauti ni shilingi 20. Mtoto anayetuma kila mwezi aliona tofauti hiyo ikitoka mfukoni mwake, akamsihi mama ajisajili. Kazi ya kumsajili mtu wa kijijini ilifanywa na familia yenyewe, bila kampuni kupeleka gari la matangazo huko.

Je, waliobaki nje ya bango walikatazwa? Hapana. Wafanyabiashara waliendelea kuhifadhi mauzo, wasafiri waliendelea kusafiri mikono mitupu, na wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokwama majumbani walirushiwa fedha na salio na jamaa zao. Kuchagua mlengwa ni kuamua fedha, muda na maneno ya kampuni yataelekezwa kwa nani. Anayekuja bila kuitwa anauziwa kama kawaida, ila huduma haipindwi kwa ajili yake.

Muuza nyanya alingoja miaka. Mwaka 2013 Safaricom ilizindua Lipa na M-Pesa, ambapo mwenye duka anapewa namba yake ya kupokelea malipo na mnunuzi halipi ada. Mteja huyu wa pili alitengenezewa bei yake, namba yake na matangazo yake, na wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshazoea kutuma. Miezi michache kabla, Novemba 2012, walikuwa wamefikiwa wanaotaka kuweka akiba na kukopa kidogo kidogo kupitia M-Shwari, iliyoendeshwa pamoja na Benki ya Biashara ya Afrika. Makundi yaliyoonekana wakati wa majaribio yalifuatwa moja baada ya jingine, kila moja kwa zamu yake.

Safaricom haikuwa mgeni wa mbinu hii. Mwaka 2000, ilipoingia sokoni ikiwa chini ya Michael Joseph, ilikutana na mshindani aitwaye KenCell. KenCell ilitoza kwa dakika na kuwaelekea zaidi wateja wa ofisini na wenye matumizi makubwa. Safaricom ilitoza kwa sekunde. Kwa mtu ambaye kampuni yake inamlipia simu, tofauti hiyo haina maana. Kwa mtu anayetaka kusema sentensi mbili na kukata, ni kila kitu: anayeongea sekunde kumi na tano analipia robo dakika, wakati mfumo wa dakika ungemlipisha dakika nzima. Wenye vipato vidogo walikuwa wengi kuliko wa ofisini, nao walihamia walikoheshimiwa. Kundi hilo ndilo M-Pesa ililolikuta tayari miaka saba baadaye.

Sasa tuivushe huduma hiyo mpaka. Vodacom Tanzania ilizindua M-Pesa Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Teknolojia ilikuwa ya familia moja, jina lile lile, na sababu za kuamini kwamba mambo yangefanana zilikuwepo. Baada ya miezi kumi na minne tangu uzinduzi, Kenya ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 2.7. Tanzania, kwa muda uleule, ilikuwa na wapatao 280,000.

Tofauti haikuwa kwenye simu. Safaricom iliwashika wateja wengi mno wa simu nchini mwake, kwa hiyo aliyetuma na aliyepokea walikuwa kwa kawaida mtandao mmoja. Vodacom ilikuwa kubwa kuliko wenzake lakini haikufikia nusu ya soko. Kijana wa Dar es Salaam mwenye laini ya Vodacom angeweza kabisa kuwa na mama mwenye laini ya kampuni nyingine kule Songea, na faida ya mteja mmoja kuleta wa pili ikapungua nguvu. Pili, Tanzania ni pana na watu wake wametawanyika, hivyo wakala mmoja alihudumia watu wachache zaidi, na kumpelekea wakala wa mbali fedha taslimu kulikuwa kazi. Kundi la watuma pesa lilikuwepo. Kipimo kilichotetereka ni kile cha kufikika.

Tanzania ilichelewa lakini haikushindwa. Huduma ilikua, kampuni nyingine zikaja na za kwao, na baadaye mitandao ikaruhusu mteja wa huku kumtumia wa kule moja kwa moja. Leo nchi hiyo ni miongoni mwa zinazotumia sana pesa za simu barani Afrika.

Afrika Kusini ilikuwa habari nyingine. Vodacom ya huko, ikishirikiana na benki ya Nedbank, ilizindua M-Pesa mwaka 2010 ikilenga kupata wateja milioni kumi ndani ya miaka mitatu. Ilijaribiwa tena kwa sura mpya mwaka 2014. Mwaka 2016 ilifungwa, ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000.

Anayetazama kwa haraka atasema Afrika Kusini nako kuna wafanyakazi wa mjini wanaotuma pesa vijijini, na ni kweli, tena ni wengi. Lakini kundi lenye sura ile ile halikuwa na shida ile ile. Watu wengi wa huko walikuwa tayari na akaunti za benki na mashine za kutolea fedha karibu nao. Asiye na akaunti aliweza kwenda kwenye duka kubwa la vyakula, akatuma fedha kwenye kaunta, na ndugu yake akazichukua katika tawi la mbali la duka hilo hilo. M-Pesa ilikuja kuziba pengo ambalo wengine walikuwa wameshaliziba. Kumgawa mteja kwa umri, kipato na mahali anapoishi kungeonyesha kundi moja Nairobi na Johannesburg. Kumgawa kwa jinsi anavyotatua shida yake leo kungeonyesha makundi mawili tofauti kabisa.

Hapa ndipo biashara nyingi, kubwa na ndogo, hukosea. Ni rahisi kuandika kwamba mlengwa ni vijana wa kike wa miaka 18 hadi 30 wa mjini. Maneno hayo yanaeleza watu, hayaelezi wanunuzi. Ndani yake yumo mwanafunzi asiye na kipato, mfanyakazi wa benki na mama wa watoto watatu mwenye kibanda cha chipsi, na hawa hawanunui kitu kimoja kwa sababu moja. Umri na kipato husaidia kumtafuta mteja ukishajua shida yake, lakini havitoshi kuigundua.

Dalili za kukosea zinaonekana mapema kwa anayetaka kuziona. Ya kwanza ni idadi ya waliojisajili au kujaribu mara moja kupanda huku wanaorudi wakibaki wachache. Ya pili ni kila mauzo kuhitaji maelezo marefu au punguzo la bei, maana mwenye shida ya kweli huuliza tu bei na mahali pa kupata. Ya tatu ni wanunuzi wanaokuja kuwa tofauti na waliokusudiwa. Hiyo ya tatu mara nyingi ni habari njema. Wakopaji wa Faulu ndio waliokusudiwa mwaka 2005, na kama waendeshaji wa majaribio wangewang'ang'ania, wale wa bahasha ya basi wasingeonekana.

Njia ile ile inamfaa mwenye biashara ya mtaani, na haihitaji mtafiti. Fundi cherehani, muuza mitumba au mwenye duka la vifaa vya simu achukue daftari na kuwaandika wateja wake ishirini wa mwisho. Kwa kila mmoja aandike mambo matatu: alinunua nini, alikuwa akihangaika na nini kabla ya kuja, na angekwenda wapi kama duka lingekuwa limefungwa siku hiyo. Kundi litakalojitokeza mara nyingi zaidi, ambalo halina pengine pazuri pa kwenda, ndilo la kuanza nalo. Kisha atazame orodha yake ya bei, saa zake za kufungua na maneno ya kibao chake, na ajiulize kama vimepangwa kwa ajili ya watu hao au kwa ajili ya mpita njia yeyote.